Programu inakataa kufunguka, inadai VCRUNTIME140_1.dll haipo: nilirudishe vipi faili hili kwa usalama?

#1 Zuhura_M

Habari zenu wanajukwaa. Ninatumia programu ya kuchorea michoro ya majengo kwenye kompyuta ya Windows 10 ya biti 64. Ilikuwa ikifanya kazi vizuri mpaka wiki iliyopita, lakini sasa kila ninapoibofya linatokea dirisha dogo lenye maneno haya, kisha hakuna kinachoendelea:

```
The code execution cannot proceed because VCRUNTIME140_1.dll
was not found. Reinstalling the program may fix this problem.
```

Nimeiondoa programu na kuisakinisha upya kama ujumbe unavyoshauri, na ujumbe umebaki uleule. Nikilitafuta jina la faili mtandaoni ninakutana na tovuti nyingi zinazolitoa peke yake, zikielekeza liwekwe ndani ya System32. Kompyuta hii ina kazi za watu, kwa hiyo sitaki kuingiza kitu ambacho sijui kimetoka wapi. Naomba kufahamishwa faili hili ni la nani, na ni njia ipi salama ya kulirudisha.

#2 Bakari_Fundi

Dada Zuhura, faili linalokaa System32 ni faili la Windows, na Windows ina chombo chake cha kujikagua na kurudisha mafaili yaliyopotea. Fungua Command Prompt kama msimamizi, kisha andika:

```
sfc /scannow
```

Subiri ifike asilimia 100, uwashe kompyuta upya. Mimi iliniponyea kompyuta iliyokuwa inadai DLL vilevile.

#3 Nahodha

Kaka Bakari, sfc ni chombo kizuri, lakini hapa hakitafika. Kinakagua mafaili ambayo Windows yenyewe ilikuja nayo na inayalinda. VCRUNTIME140_1.dll halimo katika orodha hiyo hata kama linakaa System32, kwa sababu linaletwa na kifurushi kinachoitwa Microsoft Visual C++ Redistributable, ambacho husakinishwa kando, mara nyingi na programu inayokihitaji. Kwa hiyo sfc inaweza kumaliza ukaguzi na kutangaza kwamba kila kitu ni kizima huku faili halipo, na isiwe imekosea.

Dada Zuhura, kabla ya kusakinisha chochote tuangalie kilichopo. Andika amri hii na utuletee majina yanayotokea:

```
dir C:\Windows\System32\vcruntime140*.dll
```

Ninauliza kwa sababu kuna mafaili mawili yanayofanana majina. VCRUNTIME140.dll lilianza na Visual C++ ya 2015. Lile lenye _1 mwishoni liliongezwa na toleo la 2019, kwa programu za biti 64, likibeba namna mpya ya kushughulikia makosa yanayotokea programu inapoendelea kufanya kazi. Mtu anaweza kuwa na la kwanza akakosa la pili.

#4 Mpiga_Mbizi

Mimi mwaka jana lilinitokea jambo hilohilo nilipotaka kucheza gemu moja ya zamani. Nilisakinisha DirectX ya Juni 2010 kutoka Microsoft na gemu ikafunguka papo hapo. Dada, sakinisha DirectX, utashukuru.

#5 Nahodha

Ndugu Mpiga_Mbizi, unakumbuka faili lililotajwa kwenye dirisha lako lilikuwa lipi?

#6 Mpiga_Mbizi

Lilikuwa d3dx9_43.dll. Kwani kuna tofauti? Yote ni DLL.

#7 Nahodha

Tofauti ipo, na ndiyo kiini cha swali la dada. Jina la faili ndilo linaloonyesha mwenye faili. Majina yanayoanza na d3dx9 ni ya DirectX ya zamani, na kifurushi ulichosakinisha ndicho chake hasa. MSVCR100.dll ni la Visual C++ 2010, MSVCR120.dll ni la 2013, na yenye 140 ni ya kuanzia 2015 hadi 2022, ambayo yote yanatumia kifurushi kimoja. Jina likiwa halimo katika jamii hizi, tuseme linafanana na jina la programu yenyewe, basi ni mali ya mtengenezaji wa programu hiyo, na hapo ndipo kuisakinisha upya kunasaidia. Dada Zuhura aliposakinisha upya hakupata kitu kwa sababu kisakinishi cha programu yake huenda hakikubeba kifurushi cha Visual C++, au kilikiona tayari kimeorodheshwa kikapita.

Kabla sijasahau: jina likiishia na herufi D, kama VCRUNTIME140D.dll, usilitafute popote. Hilo ni la majaribio ya waandishi wa programu, halimo katika kifurushi cha watumiaji, na maana yake ni kwamba mtengenezaji ametoa nakala isiyopaswa kutoka. Dawa yake ni kumwandikia yeye.

#8 Zuhura_M

Asanteni. Amri imenionyesha vcruntime140.dll peke yake. Lenye _1 halipo.

#9 Mwanaidi

Basi ni kama ilivyokuwa kwangu. Programu yangu ya hesabu ilijisasisha yenyewe usiku, asubuhi ikakataa kufunguka kwa ujumbe huohuo. Kwenye orodha ya programu nilikuwa na Visual C++ ya 2015, toleo 14.0.24215. Programu ilipokuwa ya zamani ilitosheka nayo, lakini waandishi wake walipohamia zana mpya ikaanza kudai faili ambalo mwaka 2015 halikuwepo. Hakuna kilichofutwa na hakuna kirusi. Nilisakinisha kifurushi kipya kutoka Microsoft, kwisha kazi. Dada, programu yako nayo itakuwa imejisasisha.

#10 Nahodha

Maelezo ya Dada Mwanaidi ndiyo ninayoyapa uzito zaidi kwa sasa, na yanaweza kuthibitishwa. Rejista ya Windows inatunza toleo lililosakinishwa:

```
reg query "HKLM\SOFTWARE\Microsoft\VisualStudio\14.0\VC\Runtimes\x64" /v Version
```

Namba ikianza na 14.0 ni ya 2015, ikiwa kati ya 14.10 na 14.16 ni ya 2017, ikianza na 14.2 ikifuatiwa na tarakimu nyingine, kama 14.20 au 14.29, ni ya 2019, na ikianza na 14.3 au 14.4 ikifuatiwa na tarakimu nyingine ni ya 2022. Ukikuta chini ya 14.20, basi faili halikuwahi kuwepo kwenye kompyuta yako.

#11 Zuhura_M

Inasema v14.29.30139. Na kwenye orodha ya programu zilizosakinishwa ninaona Microsoft Visual C++ 2015-2019 Redistributable (x64) yenye namba hiyohiyo. Je, hiyo si mpya ya kutosha?

#12 Nahodha

Inatosha kabisa, na ndiyo maana jambo limebadilika. Rejista inaamini kwamba kifurushi cha 2019 kimo, lakini faili lake moja halipo. Kwa hiyo lilikuwepo, kisha likaondolewa na kitu ambacho hakikupitia njia ya kawaida ya kusanidua. Hii pia inaeleza kwa nini kusakinisha upya hakukufua dafu: kisakinishi cha programu kilisoma rejista, kikaona 14.29, kikaridhika.

#13 Bakari_Fundi

Antivirasi hiyo. Huwa inakamata faili, inalifungia karantini bila kusema neno.

#14 Zuhura_M

Nimefungua historia ya ulinzi ya Windows Security, ambayo ndiyo antivirasi pekee niliyonayo. Hakuna kilichozuiwa wala kuwekwa karantini mwezi huu.

#15 Hamisi_wa_Mitambo

Ninawafuatilia tangu mwanzo na ninaona mnazunguka mbali. Kompyuta ya jirani yangu ina Windows 10 kama ya dada. Unachukua faili pale, unaliweka kwenye flashi, unalibandika System32. Si la tovuti isiyojulikana, ni la Microsoft kutoka kompyuta nzima. Hatari iko wapi?

#16 Nahodha

Kaka Hamisi, uko sahihi nusu, na nusu hiyo ni ya maana: faili kutoka kompyuta nzima ni bora mara nyingi kuliko faili la tovuti. DLL ni programu kamili, si karatasi ya data. Likipakiwa, linaanza kufanya kazi ndani ya programu iliyoliita kwa mamlaka yaleyale ya programu hiyo, kwa hiyo ukifungua programu kama msimamizi, faili ulilookota nalo linakuwa msimamizi.

Nusu iliyobaki ina matatizo mawili. La kwanza ni mchanganyiko wa biti. Kwenye Windows ya biti 64, System32 ndiyo folda ya mafaili ya biti 64, na SysWOW64 ndiyo ya biti 32, ingawa majina yanamfanya mtu adhani kinyume. Nimewahi kuletewa kompyuta ambayo mtu alibandika faili la biti 32 ndani ya System32 kwa nia njema. Ujumbe wa faili kukosekana uliondoka, na mahali pake ukaja huu:

```
The application was unable to start correctly (0xc000007b).
```

Mwenye kompyuta alidhani ni ugonjwa mpya, kumbe ni uleule uliovaa nguo nyingine. La pili ni toleo. Mafaili ya kifurushi hiki, yaani vcruntime140, vcruntime140_1, msvcp140 na mengine, hutolewa pamoja yakiwa na namba moja. Ukibandika moja la toleo tofauti na wenzake, programu inaweza kufunguka leo, kisha ikazimika ghafla ndani ya kazi, na hutakumbuka kwamba chanzo ni flashi ile.

#17 Salim_Msanidi

Nimwongezee Nahodha, na nimpinge kidogo. Kuliweka faili pembeni ya .exe, ndani ya folda ya programu yenyewe, ni njia ambayo Microsoft inawaruhusu watengenezaji, kwa sababu Windows inapolitafuta faili kama hili huanza na folda ya programu kabla ya System32. Kwa hiyo dada akilazimika kabisa kunakili, alibandike pale, lisiguse programu nyingine.

#18 Nahodha

Ninakubali kwamba njia hiyo ipo, lakini kwa mtumiaji wa kawaida siishauri. Kifurushi kipya kikija baadaye kinasasisha System32, na nakala ya pembeni inabaki ilivyokuwa, tena ndiyo inayosomwa kwanza. Kama kuna kasoro ya usalama iliyorekebishwa, programu hiyo haitafaidika.

#19 Salim_Msanidi

Hapo tutatofautiana, kwa sababu programu nyingi zinazotegemewa zinabeba nakala zao pembeni na zinadumu vizuri. Kwa vyovyote, anayenakili akague kwanza saini ya faili kwenye PowerShell:

```
Get-AuthenticodeSignature C:\Windows\System32\vcruntime140_1.dll | Format-List
```

Status iwe Valid na mwenye saini awe Microsoft. Faili lisilo na saini, au lenye HashMismatch, lifutwe bila huruma.

#20 Nahodha

Kwa hilo tuko pamoja, mradi ikumbukwe kwamba saini inathibitisha aliyelitengeneza faili na kwamba halikuchezewa, haithibitishi kuwa ni la biti au toleo linalotakiwa.

Dada Zuhura, turudi kwako. Kwa kuwa kifurushi kimeorodheshwa, nenda Settings, kisha Apps, tafuta Microsoft Visual C++ 2015-2019 Redistributable (x64), bonyeza Modify, halafu Repair. Kazi ya Repair ni kulinganisha kilichopo na kinachotakiwa kuwepo na kurudisha kilichopungua. Usibonyeze Uninstall, kwa maana programu nyingine zinakitegemea.

#21 Zuhura_M

Nimebonyeza Repair. Imeanza, kisha ikasimama na kunidai nionyeshe lilipo faili liitwalo vc_runtimeMinimum_x64.msi. Sina faili kama hilo, nimefunga dirisha. Sasa nina mafaili mawili yanayokosekana badala ya moja.

#22 Nahodha

Pole, lakini umetuletea habari kubwa. Kifurushi hiki kikisakinishwa huacha nakala za visakinishi vyake katika folda iliyofichwa, C:\ProgramData\Package Cache. Repair huchota mafaili kutoka hapo. Kama inaulizia .msi, maana yake kuna aliyeisafisha folda hiyo. Je, kompyuta yako ina programu ya kusafisha diski, au ya kutafuta mafaili yanayojirudia?

#23 Zuhura_M

Ndiyo, ipo. Diski ilikuwa imejaa, na kijana anayenisaidia kazi aliweka programu ya kufuta mafaili yaliyojirudia. Iliokoa nafasi kubwa, kwa hiyo sikuwa na shaka nayo.

#24 Mwanaidi

Basi mwizi amepatikana.

#25 Bakari_Fundi

Hajapatikana. Mafaili ya System32 hayafutiki hivihivi. Hata msimamizi akijaribu anaambiwa hana ruhusa.

#26 Salim_Msanidi

Anaambiwa hivyo kwa mafaili ya Windows yenyewe, kwa sababu mmiliki wake ni TrustedInstaller. Haya ya Visual C++ yameletwa na kisakinishi cha kawaida, na msimamizi anaweza kuyafuta. Nakala za vcruntime140_1.dll hupatikana katika folda za programu nyingi, na zikiwa za toleo moja zinalingana baiti kwa baiti. Programu ya kufuta yanayojirudia ikiziona, inabakiza moja na kuziondoa nyingine, bila kujali kwamba ile ya System32 ndiyo inayotegemewa na wote.

#27 Bakari_Fundi

Kama ni hivyo, mbona iliacha vcruntime140.dll, ambalo linajirudia zaidi?

#28 Salim_Msanidi

Kwa sababu faili ambalo programu iliyo wazi inalitumia halifutiki. Lisilo na _1 linatumiwa na programu za zamani na mpya, kwa hiyo karibu kila wakati kuna aliyelishika. Lenye _1 lilikutwa halina mtu. Hiyo ni dhana yangu, siwezi kuapa.

#29 Hamisi_wa_Mitambo

Na mimi nina dhana. Kuna visakinishi vibovu vinavyobandika vcruntime140_1.dll System32 vyenyewe, kwa kuwa watengenezaji wanajua watu wengi hawana, na programu ikiondolewa vinalifuta bila kuuliza kama kuna mwingine anayelihitaji. Dada, uliondoa programu yoyote wiki ile?

#30 Zuhura_M

Niliondoa mbili au tatu wakati huohuo wa kutafuta nafasi. Sikumbuki zote.

#31 Nahodha

Kwa hiyo dhana zote mbili zimesimama, ingawa ya Hamisi haielezi kupotea kwa .msi. Tuendelee na tiba, maana haitegemei mshitakiwa.

Usiitafute vc_runtimeMinimum_x64.msi kwenye tovuti zilezile ulizozikwepa mwanzo. Pakua kisakinishi kizima kutoka anwani ya Microsoft:

```
https://aka.ms/vs/17/release/vc_redist.x64.exe
```

Hiki kinakuja na mafaili yake ndani, hakihitaji yaliyokuwa Package Cache. Kwa kuwa ni kipya kuliko 14.29, kitapandisha toleo badala ya kuambiwa kimeshasakinishwa. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, fungua Properties, na katika Digital Signatures uhakikishe mwenye saini ni Microsoft Corporation. Kisha kiendeshe kama msimamizi, na uwashe kompyuta upya hata kisipoomba.

Kinaweza kukwama mahali pamoja. Ili kupandisha toleo ni lazima la zamani liondolewe, na kuondoa kunasoma nakala iliyotunzwa C:\Windows\Installer, si Package Cache. Kama msafishaji wako alipita huko pia, utaambiwa toleo la zamani haliwezi kuondolewa. Ikiwa hivyo, usifute chochote kwa mkono katika rejista. Microsoft ina chombo cha kurekebisha matatizo ya kusakinisha na kusanidua, Program Install and Uninstall troubleshooter, nacho kitaondoa kumbukumbu ya kifurushi kilichovunjika, kisha utasakinisha upya.

#32 Mpiga_Mbizi

Na regsvr32 je? Nimesoma mahali kwamba DLL lazima isajiliwe.

#33 Salim_Msanidi

Si hizi. Ukijaribu kusajili vcruntime140_1.dll utaambiwa DllRegisterServer haikupatikana, na hilo si dalili ya ubovu. Halikuandikwa kwa ajili ya kusajiliwa.

#34 Zuhura_M

Nimesakinisha. Hakikukwama. Nimewasha upya, amri ya dir sasa inaonyesha vcruntime140.dll na vcruntime140_1.dll, na rejista inaanza na v14.4. Programu imefunguka na michoro yangu yote ipo. Nimekagua saini kwa amri ya Salim, inasema Valid. Nawashukuru sana.

#35 Bakari_Fundi

Hongera dada. Ila bado ninauliza: yangu iliponywaje na sfc?

#36 Nahodha

Unakumbuka jina la faili?

#37 Bakari_Fundi

Lilianza na api-ms-win-crt, lina mkia mrefu.

#38 Nahodha

Basi sfc ilikuwa mahali pake. Hayo ni ya Universal CRT, ambayo kuanzia Windows 10 ni sehemu ya Windows yenyewe. Kwenye Windows 7 na 8.1 yaliletwa na sasisho KB2999226. Yakikosekana kwenye Windows 10 au 11, ninaanza na hii, ambayo hurekebisha hazina ambayo sfc huchota mafaili yake:

```
DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
```

Ikimaliza ndipo ninaendesha sfc /scannow.

#39 Hamisi_wa_Mitambo

Swali dogo. Ofisini kwetu kuna kompyuta isiyounganishwa na mtandao, na inadai MSVCP140.dll. Nimeweka hicho kifurushi cha x64 kwa flashi, kimekubali, lakini ujumbe haujaondoka.

#40 Salim_Msanidi

Programu yenyewe ni ya biti ngapi? Ikiwa imo ndani ya Program Files (x86), kuna uwezekano mkubwa ni ya biti 32, na hiyo haisomi mafaili ya x64 hata kompyuta ikiwa ya biti 64. Pakua vc_redist.x86.exe kutoka anwani ileile ya Microsoft, ukisakinishe pamoja na kile cha kwanza. Vinakaa pamoja bila kugombana.

#41 Hamisi_wa_Mitambo

Imo Program Files ya kawaida.

#42 Salim_Msanidi

Folda peke yake haitoshi kuamua, kuna visakinishi vya biti 32 vinavyojiweka hapo. Fungua Task Manager, ubofye kwa kitufe cha kulia vichwa vya safu katika Details, uongeze safu ya Platform, kisha uiendeshe programu na usome kilichoandikwa dirisha la kosa likiwa bado wazi. Ukikuta ni biti 64, tuletee dir ya System32 kwa msvcp140*.dll, tuone kama faili lilifika kweli.

#43 Zuhura_M

Kaka Hamisi, na uulize kama kuna aliyesafisha diski.